Ikoni ya parachichi na ukingo wa Mlima Rungwe: kukata na kuunganisha maumbo ndani ya PowerPoint

Kikundi cha wakulima wa maparachichi Rungwe kikitaka bango la mkutano, fundi wa steshenari kwa kawaida hukimbilia mtandaoni kutafuta ikoni. Anapata parachichi lenye macho na tabasamu, au lenye maandishi ya kampuni ya picha yaliyopita katikati. Halafu anachukua picha ya mlima, anaikata mraba, anaiweka juu ya bango, na kichwa cha habari kinaelea angani bila kushikana na chochote. Kazi hizo mbili, yaani ikoni yako mwenyewe na picha iliyokatwa kwa kufuata umbo la kitu, zinafanyika ndani ya PowerPoint ileile iliyomo kwenye kompyuta, bila programu nyingine. Unachohitaji ni menyu ya Merge Shapes na amri ya Edit Points.

Merge Shapes imo kwenye PowerPoint ya kompyuta kuanzia toleo la 2013. Ukibofya umbo lolote, kichupo cha Shape Format kinatokea juu (kwenye matoleo ya zamani kinaitwa Format tu, chini ya Drawing Tools), na menyu yenyewe iko upande wa kushoto, kwenye kundi la Insert Shapes. Word haina menyu hiyo. PowerPoint ya simu nayo usiitegemee kwa kazi hii, kwa sababu utahitaji kipanya na kibodi.

Kabla ya kuchora chochote

Panga kwanza ukubwa wa ukurasa, maana ukiubadilisha baadaye PowerPoint itavuta au kubana kila ulichochora. Nenda Design, kisha Slide Size, kisha Custom Slide Size. Hapa kuna mtego unaowapata wengi: chaguo la A3 Paper lililomo kwenye orodha halikupi A3 kamili. Linakupa sentimita 35.56 kwa 26.67. Kwa bango la A3 la kulala, andika mwenyewe upana 42 cm na urefu 29.7 cm. A4 nayo ina kasoro hiyohiyo, kwa hiyo andika 29.7 kwa 21.

Kompyuta nyingi zinakuja zikiwa zimepangwa kwa vipimo vya Marekani na visanduku vya vipimo vinaonyesha inchi. Huna haja ya kubadilisha mipangilio. Andika `6 cm` ndani ya kisanduku, programu itageuza yenyewe.

Fungua pia dirisha la Selection Pane kwa kubonyeza `Alt+F10`. Linaorodhesha kila kitu kilichomo kwenye ukurasa, na kila kimoja kina alama ya jicho ya kukificha na kukirudisha. Maumbo yakianza kulaliana, kuchagua kwa macho kunakuwa kubahatisha.

Jambo la mwisho ni tabia tu, lakini litakuokoa: kabla ya kila Merge, bofya slaidi kwenye orodha ya kushoto na ubonyeze `Ctrl+D` ili upate nakala ya slaidi nzima. Merge inameza maumbo ya awali. Vile vidoti vya njano vya kurekebisha pembe vinapotea, na ukishafunga faili hakuna `Ctrl+Z` ya kukurudisha.

Mwili wa parachichi

Ikoni tunayotengeneza ni parachichi lililopasuliwa katikati: ganda la nje, nyama iliyo wazi, na kokwa. Rangi moja tu, ili ikae vizuri kwenye bango, kwenye muhuri na hata kwenye fotokopi.

Anza na duara. Insert, Shapes, chagua Oval, chora popote. Kisha bofya kulia, chagua Size and Position, na ujaze vipimo: urefu 6 cm, upana 6 cm. Kwenye sehemu ya Position andika Horizontal 5 cm na Vertical 6 cm. Hakikisha kisanduku cha Lock aspect ratio hakina tiki, la sivyo ukibadilisha kipimo kimoja cha pili nacho kitabadilika.

Chora Oval nyingine, hii iwe ndefu kama yai: upana 3.6 cm, urefu 7 cm, Horizontal 6.2 cm, Vertical 3.5 cm. Sasa maumbo yote mawili yana mstari mmoja wa katikati, sentimita 8 kutoka ukingo wa kushoto wa ukurasa. Yai ndilo shingo ya parachichi, duara ndilo tumbo. Ondoa mistari ya pembeni kwenye yote mawili kwa Shape Outline, No Outline.

Chagua duara, shikilia `Shift`, bofya yai, halafu Merge Shapes, Union. Umepata umbo moja, ila bado linafanana na kibuyu: pale shingo inapokutana na tumbo kuna kona kali kila upande. Hizo kona ndizo zinazofanya ikoni za kujitengenezea zionekane za kujitengenezea, na hapo ndipo Edit Points inapohitajika.

Bofya kulia juu ya umbo, chagua Edit Points. Utaona nukta nyeusi sita: moja kileleni, mbili kwenye kona za shingo, mbili kwenye mbavu za tumbo, moja chini kabisa. Ukiona nyingi zaidi ya hapo, na baadhi zimebanana mahali pamoja, basi vipimo vyako haviko sawa na maumbo yamegusana pasipotakiwa. Rudi nyuma urekebishe, kwa sababu nukta mbili zilizobanana huleta kijinundu ambacho hakilainiki hata ukikihangaikia saa nzima.

Bofya nukta ya shingo ya upande wa kushoto tu. Mikono miwili inatokea, kila mmoja ukiwa na kisanduku cheupe mwishoni. Mmoja umeelekea juu, karibu wima. Wa pili umeelekea chini kushoto, kwa mshazari. Kona ipo kwa sababu mikono hii haiko kwenye mstari mmoja. Bofya kulia juu ya nukta yenyewe na uchague Smooth Point. Mikono inanyooka ikawa mstari mmoja, na kona inageuka kuwa mkunjo. Shika kisanduku cheupe cha chini na ukisogeze taratibu mpaka mkono ulale kati ya wima na ule mshazari wa mwanzo. Shingo itateremka kwenye tumbo bila kukatika. Usisogeze nukta yenyewe, sogeza mkono tu. Ukitaka mkono mmoja uwe mrefu kuliko mwenzake huku mkunjo ukibaki laini, badilisha nukta iwe Straight Point.

Wengine huifuta kabisa nukta ya shingo kwa kuibofya huku wameshika `Ctrl`. Kona inaondoka kweli, ila shingo inaondoka nayo, na unabaki na kitu chenye sura ya yai la kuku.

Kwa nini upande mmoja tu

Mkono wa binadamu hauwezi kurudia mkunjo uleule upande wa pili. Ukijaribu, parachichi litapinda kidogo, na macho ya mtu yanaona upungufu wa milimita moja kwenye kitu kinachotakiwa kulingana. Kwa hiyo tunalainisha upande wa kushoto, tunautupa wa kulia, kisha tunageuza nakala ya kushoto.

Bonyeza `Esc` kutoka kwenye nukta. Chora mstatili wenye upana 4 cm na urefu 10 cm, Horizontal 8.05 cm, Vertical 3 cm. Unafunika nusu ya kulia, ila umeacha nusu milimita kupita katikati. Bofya parachichi kwanza, `Shift`, bofya mstatili, Merge Shapes, Subtract. Inabaki nusu ya kushoto. Tazama upana wake: unatakiwa kusoma 3.05 cm. Ukisoma zaidi, mkono wa shingo umevimbisha ubavu na itabidi uurudishe ndani kidogo.

Bonyeza `Ctrl+D`, halafu kwenye Arrange, Rotate, Flip Horizontal. Nakala iandikie Horizontal 7.95 cm na Vertical sawasawa na ile ya kwanza. Chagua zote mbili, Union.

Ile nusu milimita ya ziada ina kazi yake. Ukizipanga nusu mbili zigusane ukingo kwa ukingo kamili, Union mara nyingi inaacha ufa mwembamba kama unywele katikati. Kwenye skrini unaweza usiuone, lakini ukiikuza ikoni au ukiichapa kubwa unajitokeza. Zikilaliana kwa milimita moja ufa hauna pa kukaa. Na kwa kuwa kileleni na kitakoni mstari uko karibu mlalo, kulaliana huko hakuleti pembe inayoonekana.

Ganda, nyama na kokwa

Njia rahisi ya kupata ganda ingekuwa kunakili mwili, kuupunguza, na kuutoa ndani ya ule mkubwa. Inafanya kazi nusu. Ukiupunguza mwili wa 6 kwa 8.5 uwe 5 kwa 7.5, ganda linakuwa na milimita 5 kileleni, chini na mbavuni, lakini shingoni linabaki na kama milimita 3. Sababu ni kwamba kupunguza kunagawa kila kitu kwa uwiano, hakusogezi ukingo ndani kwa kipimo kimoja kila mahali. Penye wembamba, tofauti nayo inakuwa nyembamba.

Afadhali utengeneze mwili wa ndani upya, kwa hatua zilezile. Ufiche kwanza mwili wa nje kwa jicho la Selection Pane. Duara la ndani ni 5 kwa 5 cm, Horizontal 5.5, Vertical 6.5. Yai la ndani lina upana 2.6 na urefu 6 cm, Horizontal 6.7, Vertical 4. Union, lainisha shingo ya kushoto, kata kwa mstatili uleule wa 8.05, geuza, unganisha. Safari hii nusu inasoma upana wa 2.55 cm, na nakala iliyogeuzwa inakaa tena kwenye 7.95. Kokwa ni duara la 2.6 cm, Horizontal 6.7, Vertical 7.7.

Rudisha mwili wa nje uonekane. Sasa una vitu vitatu vilivyo ndani ya vingine. Bofya mwili wa nje, kisha `Shift` na mwili wa ndani, kisha kokwa. Kama cha nje kimefunika vya ndani, vichague kwenye Selection Pane: bofya jina la kwanza, halafu shikilia `Ctrl` unapobofya mengine. Nenda Merge Shapes, chagua Combine.

Combine inatoboa pale maumbo mawili yanapolaliana, na pale yanapolaliana matatu inajaza tena. Ndiyo maana ganda linajaa, nyama inakuwa tundu, na kokwa inajaa, vyote kwa mbofyo mmoja na kama umbo moja. Ukitumia Subtract hapo, kokwa itatolewa pamoja na nyama na utabaki na pete tupu. Hilo ndilo kosa la kawaida zaidi kwenye ikoni zenye kitu ndani ya kitu.

Hakikisha tundu ni tundu kweli, siyo rangi nyeupe iliyopakwa. Chora mstatili wa kijani, upeleke nyuma kwa Send to Back. Kijani kikionekana kupitia nyama, umefanikiwa.

Sasa tia tiki kwenye Lock aspect ratio na upunguze ikoni hadi urefu wa 1.2 cm. Ganda litakuwa na unene wa milimita 0.7, na linasomeka vizuri kwenye karatasi. Ukishuka mpaka 0.8 cm, ganda linakuwa chini ya nusu milimita na mashine ya fotokopi iliyochoka italimeza. Hapo tengeneza toleo la pili lenye ganda nene zaidi. Usijaribu kulinenepesha kwa kuongeza Shape Outline. Mstari wa pembeni unakaa nusu ndani na nusu nje ya ukingo, kwa hiyo unaziba nafasi kati ya kokwa na ganda. Isitoshe haupungui pamoja na umbo: pointi 3 zinabaki pointi 3 hata ikoni ikiwa ndogo kama punje ya mahindi.

Hapohapo ndipo penye jibu la swali linaloulizwa sana: kwa nini mistari minene haiunganiki na maumbo? Merge haioni unene wa mstari. Inaona njia tu, ile ambayo mstari unapita juu yake. Mstari wa kawaida wa Line haukubaliki kabisa, na menyu inakuwa ya kijivu. Ukitaka kikonyo juu ya parachichi, chora mstatili mwembamba, siyo mstari.

Menyu ikiwa ya kijivu bila mstari wowote, angalia kama umechagua kitu kimoja tu, au kama kimojawapo ni kikundi; kikundi kivunje kwa `Ctrl+Shift+G`. Jedwali na chati haziunganiki. Ikoni uliyoleta kwa Insert, Icons nayo inahitaji kwanza Convert to Shape na kuvunjwa kikundi.

Kukata mlima ufuate ukingo wake

Hii ndiyo kazi inayobadilisha bango lote. Tuna picha ya Mlima Rungwe iliyopigwa kutoka upande wa Tukuyu, na tunataka herufi za kichwa zisimame nyuma ya mlima, miguu yake ikifichwa na kilele. Chagua picha ya asubuhi anga likiwa safi. Wingu likishakaa kileleni, ukingo wa kufuata haupo, na hakuna ufundi wa kipanya utakaouleta.

Uzuri wa picha yenyewe pia una hesabu yake. Bango la A3 lina upana wa inchi 16.5 hivi. Ili picha inayolijaza isichakae kwenye uchapaji, iwe na pikseli zisizopungua 2480 kwa upana, sawa na pikseli 150 kwa kila inchi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa njiani. Mwombe mteja aitume tena kama Document. Halafu kwenye File, Options, Advanced, sehemu ya Image Size and Quality, tia tiki kwenye Do not compress images in file kabla ya kuingiza picha.

Ingiza picha, ijaze ukurasa, andika pembeni namba zake za Horizontal na Vertical. Bonyeza `Ctrl+D` kupata nakala, uipe nakala namba zilezile ili zilaliane kabisa. Ya chini itabaki nzima na anga lake. Ya juu ndiyo tunayoikata. Kwenye Selection Pane zipe majina, moja `anga` na nyingine `mlima`, kwa kubofya jina mara mbili. Bila majina utakuwa na Picture 4 na Picture 5, na utakata isiyotakiwa.

Kuza mwonekano hadi asilimia 200. Insert, Shapes, kwenye kundi la Lines chagua Freeform: Shape. Anza nje ya picha, kama nusu sentimita kushoto ya ukingo wake, kwa kimo ambacho mlima unaanzia. Kutoka hapo bofya, achia, sogea, bofya. Usishikilie kitufe cha kipanya huku ukisogea, kwa sababu hapo PowerPoint inachora kila mtetemo wa mkono na kukuachia mamia ya nukta. Weka nukta pale mteremko unapobadilika tu: mwanzo wa bega, kilele, bonde dogo, bega la pili. Sehemu iliyonyooka haihitaji nukta katikati. Ukikosea, bonyeza `Backspace` na nukta ya mwisho inaondoka.

Pitisha mstari ndani ya mlima kidogo, upana wa nywele chini ya ukingo unaouona. Kwenye picha ya simu, mpaka wa mlima na anga siyo mkali. Kuna ukanda mwembamba wa pikseli zilizochanganya rangi za pande zote mbili. Ukiukata nao, mlima utakuwa na mzingo mweupe, na juu ya herufi nyekundu au za kijani mzingo huo utaonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Ukifika kulia, toka nje ya picha kwa nusu sentimita, shuka hadi chini ya picha, rudi kushoto, na ubofye nukta ya kwanza kufunga umbo. Kuzidi nje ya picha hakudhuru, kwani Intersect inabakiza sehemu ya pamoja tu. Kuishia juu ya ukingo kamili wa picha ndiko kunakoacha vipande vyembamba vya anga pembeni.

Umbo likishafunga linajazwa rangi na kukufunika picha. Kwenye Format Shape, Fill, weka Transparency asilimia 60 ili uone mlima chini yake, kisha ingia Edit Points usahihishe. Bega la mviringo lililochorwa kwa vipande vilivyonyooka linataka kubofya kulia kwenye kipande na kuchagua Curved Segment, halafu kuvuta mikono. Vilele vikali viache kama vilivyo. Kosa la wengi hapa ni kulainisha kila kitu, na Rungwe inageuka kuwa kichuguu.

Miti juu ya mgongo wa mlima ni habari nyingine. Hakuna anayeweza kufuata jani kwa jani kwa nukta. Mti mmoja mkubwa chora kama umbo la jumla na upite. Msitu mzima ulio karibu na kamera acha kabisa njia hii, jaribu Remove Background iliyopo kwenye Picture Format.

Sasa kukata. Ficha `anga` kwa jicho. Kwenye Selection Pane bofya `mlima`, kisha `Ctrl` na umbo ulilochora. Merge Shapes, Intersect. Mpangilio huu ni wa lazima: kitu cha kwanza kuchaguliwa ndicho kinachotoa sura ya matokeo. Ukianza na umbo utapata mlima wa rangi ya bluu, umbo la Rungwe bila picha ndani. Na usichague kwa kuburuta kisanduku kuzunguka vyote, maana hapo huamui wewe kipi ni cha kwanza.

Rudisha `anga`. Andika kichwa cha habari kwa herufi nene, kisha kwenye Selection Pane lisogeze jina lake likae kati ya `mlima` na `anga`. Herufi zinazama nyuma ya kilele. Zizamishe robo ya kimo chake, siyo zaidi, na uangalie ni herufi zipi zinaguswa. Herufi E ikifichwa chini inasomeka F, na O ikikatwa inaweza kudhaniwa C iliyolala. Sogeza maandishi kushoto au kulia mpaka kilele kiangukie kwenye herufi isiyochanganya, kama A au M.

Kama ukingo bado unaonekana umekatwa kwa mkasi, mpe `mlima` Picture Effects, Soft Edges, pointi 1, au 2.5 kwa picha kubwa. Ulaini huo unashika pande zote za kipande, hata chini na kando, lakini kwa kuwa `anga` nzima iko chini yake palepale, hakuna atakayeuona. Kipande hichohicho ukikihamishia kwenye ukurasa mweupe peke yake, utauona upande wa chini, na hapo uondoe.

Kutoa kazi

Ikoni bofya kulia, Save as Picture, chagua SVG kama toleo lako lina chaguo hilo, maana inakuzwa bila kuchakaa. Kwa Word ya zamani au kwa kutuma kwa simu, hifadhi PNG, na kabla ya kuhifadhi ikuze ikoni irudi kwenye sentimita 8.5. PNG inachukua ukubwa uliopo kwenye ukurasa wakati huo, kwa hiyo ikoni ya sentimita 1 inatoka na pikseli chache na mteja atakayeikuza atapata ukungu.

Picha iliyokatwa nayo, ukitaka kumpa mtu mwingine kipande peke yake, mpe PNG na siyo faili la PowerPoint. Usichukulie kwamba kilichofichwa kwenye ukataji kimefutwa. Kama pembeni mwa picha kulikuwa na mtu au namba ya gari isiyotakiwa kuonekana, PNG ina kile tu kinachoonekana.

Bango lenyewe litoe kama PDF kwa File, Export, kisha lifungue PDF ulikuze hadi asilimia 400 kwenye maeneo mawili: katikati ya parachichi, kutazama ule ufa wa unywele, na kwenye kilele cha mlima, kutazama mzingo mweupe. Ukiona ufa, rudi kwenye nakala ya slaidi uliyoiacha kabla ya Union na uongeze kulaliana kwa nusu milimita nyingine. Ukiona mzingo, rudi kwenye slaidi ya kabla ya Intersect, sogeza nukta za eneo hilo chini kidogo, ukate upya.